Sindano ya mwisho Januari, mpaka sasa sijashika mimba: naomba ushauri

Habari wapendwa. Nina miaka 29, mtoto mmoja. Nilichoma sindano ya miezi mitatu (Depo) kwa miaka miwili, ya mwisho Januari. Sasa ni Oktoba. Hedhi ilirudi Agosti, matone ya kahawia tu siku mbili, Septemba ikaruka. Mama mkwe ameshaanza kusema sindano "zimekausha kizazi".

Nesi wa kliniki alinieleza hivi: dawa hukaa kwenye msuli kama chembechembe zinazoyeyuka taratibu, kwa hiyo miezi mitatu ni muda wa kinga ya uhakika, siyo siku dawa inapoisha mwilini. Ikibaki hata kidogo, yai halipevuki. Kwa kawaida mimba huja kama miezi 10 baada ya sindano ya mwisho, wengine hupitisha mwaka na nusu, na wingi wa sindano haubadilishi hilo. Vidonge au kijiti havicheleweshi hivi. Laiti ningeambiwa mapema!

Mliopitia hili, hedhi yenu ilikaa sawa baada ya muda gani? Nisubiri, au mimi na mume wangu tukapime sasa?