Kikao cha posa ya Sabra

*Jumapili*

Ami Hamadi: Asalaam alaykum. Wale watu wa posa wanataka jibu Jumapili ijayo. Lazima sisi tukae kwanza, kwa simu. Chagueni: Jumatano, Ijumaa au Jumamosi, saa 2 usiku ya Unguja.

Ami Hamadi: Mbona kimya? Nimeona mmesoma.

Shangazi Bimkubwa: Mie siku yoyote.

Ami Hamadi: Yoyote si siku, dada.

*Alhamisi*

Ami Hamadi: Jumatano ndiyo hiyo imetupita. Mwanaidi, Sabra anasema bila dada yake hakuna kikao.

Mwanaidi Toronto: Waalaykumu salaam. Ami, na nyote, niwieni radhi. Ujumbe nimeuona siku ileile nikauacha bila jibu, na nimewaweka. Ijumaa saa 2 usiku yenu huku ni saa 7 mchana, nipo kazini na simu haishikwi. Jumamosi naweza mara mbili: saa 10 alasiri ya Unguja, ambayo ni saa 11 Maskati na saa 3 asubuhi kwangu. Au ileile saa 2 usiku yenu, saa 3 Maskati, saa 7 mchana huku. Zote mbili nimeziweka wazi mpaka Ami aseme moja.

Maulidi: Toronto si saa 8 nyuma? Basi saa 2 usiku kwako ni saa 6 mchana.

Mwanaidi Toronto: Nane ni wakati wa baridi. Sasa ni saba, mpaka Novemba warudishe saa.

Bakari Wete: Kwa hiyo Ijumaa nipande boti?

Ami Hamadi: Kwa SIMU, Bakari!

Maulidi: Mwacheni aje, atuletee pweza 😂😂

Asha: Na urojo anapika nani?

Ami Hamadi: Jamani, posa!

Khadija Maskati: Kwangu saa 11 sawa, na saa 3 usiku sawa. Msije mkasogeza Jumapili tu, huku watu wako kazini. Na safari hii nisije nikaambiwa mambo yameshakwisha, kama ya Rukia.

Ami Hamadi: Hilo tulishalizungumza.

Khadija Maskati: Mlizungumza nyinyi.

Asha: Bibi yupo hapa, ananiambia niandike: "La Rukia niachieni mie. Mwanaidi kaomba radhi na saa kazitaja, yamekwisha. Mtoto wa watu anangoja jibu. Usiku mie nalala. Alasiri."

Khadija Maskati: Sawa Bibi.

Ami Hamadi: Sawa mama. Basi Jumamosi, saa 10 alasiri ya Unguja. Nitapiga mie.

*Ijumaa*

Shangazi Bimkubwa: Jumamosi alasiri nina hitima Donge.

Ami Hamadi: Dada, si ulisema yoyote?

Shangazi Bimkubwa: Hiyo hitima nimeambiwa jana. Nitatoka nje ya ukumbi nikisikia simu, lakini mtandao wa kule mnaujua.

Ami Hamadi: Mwanaidi, ile ya usiku bado ipo? Niulize kwa mama kwanza.