Mjumbe akitangaza kuwa fundi ni shemeji yake na kutoka nje, inatosha?

MzaziWaDarasaLaPili
Wakuu, shuleni kwetu tunajenga madarasa mawili kwa michango ya wazazi. Vifaa tunanunua wenyewe, fundi analipwa ufundi tu. Waliomba mafundi watatu: milioni 5.4, milioni 5.9 na milioni 6.6. Mjumbe mmoja wa kamati akasema huyu wa 5.9 ni shemeji yangu, akatoka nje. Waliobaki wakampa huyohuyo wa 5.9, eti wa 5.4 hana uzoefu. Wazazi wananung'unika. Je, kutangaza na kutoka kunatosha, au alitakiwa aachie kamati kabisa?

FundiMchundo
Hilo neno "hana uzoefu" ndilo limenikera. Nimejenga miaka kumi na moja na nimeambiwa hivyo mara tatu, kila mara bei yangu ikiwa ya chini. Mara ya mwisho ilikuwa zahanati. Niliuliza uzoefu gani wanaoutaka, hakuna aliyenijibu. Huyo kijana wa 5.4 mtafuteni, msimwache na donge moyoni.

Nyakato
Mnakuza jambo. Shemeji si ndugu wa damu. Angekuwa kaka yake sawa, lakini shemeji leo yupo, kesho ndoa ikivunjika hayupo. Mjumbe amekuwa muungwana kusema, na bado mnamsakama. Halafu siku hizi manunuzi yako kwenye mfumo wa mtandaoni wa serikali, NeST, mambo ya upendeleo yameisha.

Mngoni_Halisi
> Shemeji si ndugu wa damu

Nyakato, kwenu labda. Kwetu shemeji ndiye anayechimba kaburi la mama yako. Usimwite mtu wa kupita.

Nyakato
Sijasema mtu wa kupita. Soma vizuri kabla ya kunishambulia. Nimesema damu.

Mngoni_Halisi
Nimesoma. Anayelisha watoto wa dada yako unamweka kundi gani?

Jirani wa Busia
Mimi niko upande wa Kenya. Huku sheria ya ununuzi ya 2015, kifungu cha 66, imewataja jamaa kabisa: mke au mume, mtoto, mzazi, kaka, dada, na vilevile mtoto, mzazi, kaka au dada wa mke au mume wako. Kwa hiyo kaka wa mke ni jamaa kisheria. Nyakato amekosea hapo.

Nyakato
Na mume wa dada je? Huyo naye tunamwita shemeji. Kwenye orodha yako simwoni.

Jirani wa Busia
Ni kweli, kwa maneno ya orodha hiyo hayumo. Lakini dada mwenyewe yumo, na pesa ya mumewe inaingia nyumba moja. Mimi ningemhesabu. Wakili anaweza kubisha.

Mngoni_Halisi
Si mnaona? Mtu anatafuta kitundu cha kupitisha shemeji.

Nyakato
Kitundu kipi? Mimi sina fundi kwenye ukoo mzima! Acha kunihusisha na wizi.

Mzee wa Stoo
Vijana, tulieni. Nimekaa ofisi ya manunuzi ya halmashauri hadi nikastaafu. Kwanza, NeST ilianza 2023 kwa ununuzi wa umma, na michango ya wazazi iliyokusanywa mkononi haijapita huko. Na hata ingepita, mfumo unahifadhi nani alifanya nini na saa ngapi. Kwamba fundi amemuoa dada yako, mfumo haujui mpaka wewe useme.

Sasa mleta mada, niangalizie vitu viwili kwenye muhtasari. Mjumbe alisema kabla bahasha hazijafunguliwa, au bei zikishasomwa? Na hilo sharti la uzoefu lilikuwepo kwenye tangazo mlilobandika?

MzaziWaDarasaLaPili
Nimeenda kwa mwalimu mkuu, akanipa muhtasari nikausoma palepale. Kikao kilianza saa nne asubuhi. Bahasha zilifunguliwa ajenda ya 3, bei zikasomwa. Mjumbe ametangaza ajenda ya 5, "kisha akatoka". Haikuandikwa alitoka saa ngapi wala kama alirudi. Tangazo lilitaka bei, jina, na muda wa kumaliza. Uzoefu haumo.

Mzee wa Stoo
Basi kutangaza kwake kulichelewa. Orodha ya waombaji ilijulikana tangu bahasha zilipopokelewa. Alitakiwa aseme siku hiyo, asikae kwenye ajenda ya 3 akisikia bei za wapinzani wa shemeji yake. Na kubwa zaidi, "uzoefu" umezaliwa baada ya bei kusomwa. Kama mlitaka fundi aliyewahi kujenga darasa lenye lenta, mngeandika hivyo kwenye tangazo, na wote watatu wangeleta ushahidi. Nani alilitoa hilo wazo kikaoni?

MzaziWaDarasaLaPili
Muhtasari unasema "wajumbe walijadili". Hakuna jina.

FundiMchundo
Nilijua.

Nyakato
Hujui. Labda kijana kweli hajui kupanga nondo. Shilingi laki tano si kitu, darasa likianguka nani atajibu? Mimi mwanangu anasoma shule ambayo ukuta una ufa unaopitisha kidole, na fundi alikuwa wa bei ya chini.

Mzee wa Stoo
Nyakato, hofu yako ni ya haki kabisa, ndiyo maana ujuzi unaandikwa mapema. Sisemi kijana apewe. Nasema hatujui, kwa sababu hakupimwa.

Ila mnabishana siku ya kuchagua wakati hatari kubwa iko mbele. Mtamlipa fundi kwa awamu?

MzaziWaDarasaLaPili
Nne. Msingi, lenta, kupaua, umaliziaji. Msingi umelipwa.

Mzee wa Stoo
Nani alisaini kwamba msingi umekamilika?

MzaziWaDarasaLaPili
Mwenyekiti na huyohuyo mjumbe. Yeye ndiye pia anashika leja ya saruji.

Mzee wa Stoo
Hapo ndipo penyewe. Alitoka nje siku ya kuchagua, akarudi akawa msimamizi wa kazi ya shemeji yake. Sheria aliyoitaja jirani wa Busia inalisema hilo pia: mwenye mgongano hashiriki uamuzi wowote hata baada ya mkataba kusainiwa. Nyinyi si Kenya na hii si fedha ya serikali, lakini sababu ni ileile. Nimeona lenta iliyochorwa nondo za milimita 12 ikawekewa za 10, na zege likishamwagwa hakuna anayeziona tena. Saruji nayo, mfuko uliobaki unaweza kuandikwa umetumika. Mwenye kuona hayo ni yule anayesimama pale kabla zege halijamwagwa, na yule mwenye leja.

Mhesabie hivi: mifuko iliyopokelewa, toa iliyotolewa kwa saini ya fundi, ibaki idadi iliyo stoo. Ihesabuni kwa mikono leo, watu wawili wasio jamaa zake.

MzaziWaDarasaLaPili
Tumehesabu jana jioni, mimi na mama mmoja wa kamati. Leja inasema ibaki mifuko 23. Stoo ina 19. Mjumbe anasema minne ilitumika kuziba vyoo vya walimu na alisahau kuandika. Mwalimu mkuu anathibitisha vyoo vilizibwa, idadi ya mifuko haikumbuki.

Mngoni_Halisi
Minne kwa kuziba vyoo?

Nyakato
Inawezekana, inategemea vyoo vingapi. Msimhukumu mtu kwa mifuko minne.

MzaziWaDarasaLaPili
Simhukumu. Amekubali mwenyewe kukabidhi leja, na barua yake ya kutangaza uhusiano itabandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na bei zote tatu. Lenta inamwagwa Alhamisi. Atakayepima nondo ni yule mama, nami nitakuwepo. Kuhusu kuachia kamati, mkutano wa wazazi ni Jumamosi, hapo bado wamegawanyika.

FundiMchundo
Na yule kijana wa 5.4, kuna mtu aliyemwandikia kumweleza kwa nini alikosa?