MREJESHO: Ile imeili ya kuomba kurekodi dukani

Niliuliza hivi: "Wakuu, nimemwandikia mwenye duka la vitenge Kariakoo imeili ya kuomba kurekodi video ya kazi ya darasa, wiki nzima kimya, nifanyeje?"

Basi nimepata ruhusa. Mliosema imeili yangu ilikuwa insha mlikuwa sahihi, nilijaza mambo ya kozi na umuhimu wa sanaa weee, ila siku sijataja, muda sijataja, na mzee wa watu alivyoona neno kamera akajua ni watu wa kodi 😂

Nikaandika upya, kichwa cha habari "Ombi la kurekodi dukani Jumanne saa 2 hadi saa 3 asubuhi", ndani nikaanza na "Shikamoo mzee", nikasema tuko wawili, simu moja na stendi, hatuwashi taa, tunachukua mikono yako ukikunja na kupima kitenge, hatuchukui sura za wateja, bei wala daftari la madeni, na video utaiona kabla sijaipeleka kwa mwalimu. Nikaambatanisha barua ya chuo. Kesho yake akajibu: "Njooni, ila saa 3 mmetoka."

Hilo la daftari ndo lilimlegeza, aliniambia mwenyewe.

Kilichonikwamisha ni feni, sauti yote ikawa inavuma. Hiyo sikuiomba kwenye imeili, ikabidi nimbembeleze palepale aizime dakika kumi, akazima huku anajipepea na kipande cha boksi.