Naomba ushauri: mgonjwa anataka kuacha sigara, mimi naishia kumhubiria

Wakuu, habari zenu. Nasoma udaktari mwaka wa nne. Wiki ijayo nina mtihani wa vitendo, na stesheni moja ni ya kumshauri mvutaji sigara kwa dakika 8. Jana mwenzangu aliigiza dereva wa bodaboda anayevuta sigara 15 kwa siku na anataka kuacha.

Nilimwomba ruhusa tuzungumzie sigara, kisha nikamuuliza, kutoka 0 hadi 10, ana uhakika gani kwamba ataweza. Akasema 4. Hapo nikaharibu: "Kwa nini si 8?" Akaanza kujitetea. Kijiweni wote wanavuta, usiku kuna baridi, alishajaribu ikashindikana. Kila sababu nikaijibu kwa somo la saratani ya mapafu (tabia yangu hiyo!), naye akazidi kukaza.

Tuliporudia nikauliza, "Kwa nini 4 na si 2?" Safari hii alitafuta nguvu zake mwenyewe: mwaka jana aliacha wiki 3 mwanawe alipobanwa na pumu. Nikamrudishia, "Kwa hiyo kwa ajili ya mtoto uliweza." Akanyamaza, kisha akasema, "Labda nianze kuacha ile ya asubuhi."

Hapo ndipo ninapokwama. Niendelee kumrudishia maneno yake, au nimuulize tarehe ya kuacha na kumweleza kuhusu plasta za nikotini? Nikiwahi, anarudi kwenye visingizio. Nikichelewa, kengele inalia. Mliopita hapo, mnatambuaje kwamba mgonjwa yuko tayari kupanga?