Ninunue laptopu mpya, au niache mikunjo 10 nitumie kosa la nje ya mfuko?

Kijana_wa_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nahitaji ushauri kabla ya Jumamosi. Kuna laptopu nimewekewa Kariakoo kwa laki tisa na nusu, na muuzaji kasema hasubiri zaidi ya hapo. Ninayotumia ni ya zamani, RAM GB 8. Natengeneza random forest, yaani msitu wa miti 500 ya uamuzi inayopiga kura, wa kubashiri nani atachelewesha marejesho ya mkopo. Nilikuwa na mipangilio 60 ya kujaribu, kila mmoja kwa mikunjo 10, yaani data inagawanywa mafungu 10 na kila fungu linapimwa na msitu uliofunzwa kwa mengine tisa. Mashine imekesha usiku mzima, alfajiri umeme ukakatika, nimeamka sina kitu. Mwenzangu kazini kaniambia niachane na mikunjo, niweke tu kipimo cha nje ya mfuko, `oob_score=True`, jibu linakuja bure. Nimeweka, imenipa usahihi wa 92%. Ni bure kweli? Ninunue au nisinunue?

Fundi_Mtaa_wa_Kongo
Mkuu, usikimbilie kununua. Hiyo ya zamani ina diski ya aina gani? Kama bado ni ile ya kuzunguka, weka SSD, ongeza RAM ifike 16, utatumia chini ya nusu ya hela hiyo. Na hiyo unayowekewa, kagua betri kabla ya kulipa.

MamaHesabu
Mwanangu, swali lako lina pengo. Una mistari mingapi? Mstari mmoja ni mtu mmoja au ni nini? Wanaochelewa ni asilimia ngapi ya wote? Na modeli utaitumia kwa nani, wateja mlio nao au wapya? Bila hayo, hiyo 92% siwezi kukuambia kama ni nzuri au mbaya.

Nyuki_Mkali
Mimi nje ya mfuko siiamini hata kidogo. Kila mti unaona 63% tu ya data, wakati kwenye mikunjo 10 modeli inafunzwa kwa 90%. Kwa hiyo unapima modeli dhaifu kuliko utakayoipeleka kazini. Hamia kwenye busting, inashinda msitu karibu kila mara.

MamaHesabu
Nyuki, hiyo 63% ni kweli, ila hitimisho lako silo. Weka vikaratasi 10 kwenye kofia, chota kimoja, andika namba, kirudishe, rudia mara 10. Uwezekano wa karatasi fulani kukosa kuchotwa kabisa ni 0.9 mara 0.9 hadi mara 10, yaani kama 0.35. Vikaratasi vikiwa maelfu, namba inatulia kwenye 0.368. Ndiyo butstrapu ya mwanatakwimu Efron ya mwaka 1979, na kila mti wa msitu hukuzwa hivyo: mistari iliyochotwa ndiyo mfuko wake, isiyochotwa iko nje ya mfuko na ndiyo ya kuupimia. Miti itakayokwenda kazini nayo ilikua kwa mifuko hiyohiyo, kila mmoja na 63% yake. Hakuna mti uliodhoofishwa kwa ajili ya kipimo.

Kinachopungua ni wapigakura. Mstari mmoja upo nje ya mifuko ya miti kama 184 kati ya 500, na hiyo tu ndiyo inaruhusiwa kuubashiria. Kura 184 zinatosha kabisa. Ukiwa na miti 10 ndipo utaona shida: mstari 1 katika kila 100 hivi unakuwa ndani ya mifuko yote, hauna wa kuupigia kura. Mwanatakwimu Breiman alilichunguza jambo hili mwaka 1996, akakuta kipimo cha nje ya mfuko kinakaribia ubora wa kuwa na data ya majaribio yenye ukubwa sawa na ile ya mafunzo.

Na busting haikusaidii hapa. Miti yake inafuatana, mmoja unarekebisha makosa ya waliotangulia, na waliotangulia wameshauona mstari wako.

Kijana_wa_Tabata
Samahani Mama, nilikuwa barabarani. Ni mikopo ya bodaboda, mistari 240,000. Wanaochelewa ni 24%. Msitu mmoja unachukua dakika 3 hivi kwenye mashine yangu.

MamaHesabu
Basi hesabu ya laptopu ni hii. Mipangilio 60 kwa mikunjo 10 ni misitu 600, kwa dakika 3 ni saa 30. Kwa nje ya mfuko ni misitu 60, saa 3. Hapo mwenzako alisema kweli, karibu bure. Ila bado hujanijibu mstari mmoja ni nini.

Mdau_wa_Feri
Shikamoo Mama. Naomba nichomekee. Mimi nina mistari 96 tu, vipimo vya samaki wa soko la Feri, nabashiri kama ni mbichi au ameanza kuharibika. Nikitenga 20% nabaki na 19 za kujipimia, kosa moja tu linanishusha zaidi ya alama 5. Nje ya mfuko si ndiyo inanifaa?

MamaHesabu
Marahaba mwanangu. Kwa data ndogo ndipo inapofaa zaidi, maana mistari yote 96 inapimwa na hakuna unaoutupa. Lakini na wewe niambie: ni samaki wangapi?

Kilimahewa
Wakuu, niruhusuni nieleze yaliyonikuta, maana naona Kijana anaelekea palepale.

Miaka michache nyuma nilifanya kazi kwa wakopeshaji fulani hapa mjini. Walioshindwa kulipa walikuwa 6% tu ya mistari. Modeli ikawa inasema kila mtu atalipa. Nikasoma mahali kwamba unaweza kuwazidisha wachache ili pande mbili zikaribiane, basi nikanakili kila mstari wa aliyeshindwa mara nyingi, zikawa nakala 10 za kila mmoja, ndipo nikaupa msitu. Nje ya mfuko ikasema 98%. Nilifurahi sana. Nikawasilisha mbele ya wakubwa, wakaanza kuitumia. Mwezi wa pili walioshindwa kulipa wengi walikuwa ni wale ambao modeli iliwapitisha. Niliitwa, sikuwa na jibu.

Ilinichukua siku nne kuelewa. Ili mtu awe nje ya mfuko kwelikweli, nakala zake zote 10 lazima zikose kuchotwa. Hiyo ni 0.368 ikizidishwa yenyewe mara 10, karibu mara 5 katika 100,000. Kwa hiyo nakala moja iko nje inapimwa, pacha wake yuko ndani ya mfuko anamfundisha mti jibu. Mti haukubashiri chochote, ulimtambua mtu. Siku nilipofuta nakala na kutumia `class_weight="balanced"` badala yake, inayowapa wachache uzito zaidi bila kuwanakili, nikaona namba ya kweli, na haikuwa ya kuonyesha wakubwa.

Kijana_wa_Tabata
Kaka pole sana. Mimi sijanakili kitu ila sasa nimeingiwa na wasiwasi. Mama, mstari mmoja ni wiki moja ya dereva mmoja. Madereva ni 4,000, kila mmoja ana wiki 60. Safu ni umri, kituo anachoegesha, kianzio alicholipa, bei ya pikipiki, mwezi wa mwaka, na siku za mvua ndani ya wiki.

MamaHesabu
Ndilo nililokuwa nalitafuta. Hukunakili, lakini mapacha unao. Umri, kituo, kianzio na bei karibu havibadiliki kwa dereva mmoja wiki hadi wiki. Vinne hivyo kwa pamoja vinakaribia kuwa namba yake ya kitambulisho. Mti usiopunguzwa unaweza kushuka mpaka jani lenye mstari mmoja, kwa hiyo unamfikia yule wa Temeke mwenye miaka 31 na kianzio fulani, unakumbuka kwamba huyu huchelewa. Wiki yake ya 17 iko nje ya mfuko, ila wiki zake kama 38 ziko ndani.

Dalili unaweza kuiona leo. Weka `min_samples_leaf=200`, yaani kila jani libaki na mistari isiyopungua 200, kisha tazama `oob_score_`. Ikiporomoka sana, sehemu kubwa ya hiyo 92% ilikuwa kumbukumbu ya sura za watu. Kisha chota madereva badala ya mistari. Msitu wa scikit-learn haukupi nafasi hiyo, ila kuuandika si kazi kubwa:

```python
import numpy as np
from sklearn.tree import DecisionTreeClassifier

rng = np.random.default_rng(7)
wote = np.unique(dereva)
mistari = {d: np.flatnonzero(dereva == d) for d in wote}
jumla, kura = np.zeros(len(y)), np.zeros(len(y))
for _ in range(300):
    mfuko = rng.choice(wote, size=len(wote))
    ndani = np.concatenate([mistari[d] for d in mfuko])
    nje = ~np.isin(dereva, mfuko)
    mti = DecisionTreeClassifier(max_features="sqrt",
                                 min_samples_leaf=50)
    mti.fit(X[ndani], y[ndani])
    jumla[nje] += mti.predict_proba(X[nje])[:, 1]
    kura[nje] += 1
p = jumla / kura
```

Hapa `y` iwe 0 na 1, na `dereva` iwe namba ya dereva wa kila mstari. Dereva akiwa nje, wiki zake zote 60 ziko nje pamoja naye.

Nyuki_Mkali
Kuhusu kura nakubali, Mama. Lakini angeweza kutumia `GroupKFold` ya mikunjo 5, inayomweka dereva mzima ndani ya mkunjo mmoja, akapata jibu hilohilo bila kuandika kitanzi.

MamaHesabu
Kweli, na kwa asiyependa kuandika ni njia salama. Atalipa misitu mitano badala ya mmoja kwa kila mpangilio.

Kijana_wa_Tabata
Nimerudi. Kitanzi kimechukua dakika 11. Nimehesabu `p` ikizidi 0.5 ni mchelewaji, usahihi umetoka 78%. Wakuu, kama wanaochelewa ni 24%, mtu akisema tu "wote watalipa kwa wakati" anapata 76%. Yaani kazi ya miezi miwili imenipa alama 2.

Kilimahewa
Afadhali umeziona ukiwa nyumbani, kaka.

MamaHesabu
Usikate tamaa kwa usahihi peke yake. Panga madereva kwa `p` kutoka juu, uone kati ya wa juu kabisa wangapi walichelewa kweli. Modeli inaweza kupanga foleni vizuri hata kama kwenye 0.5 haishindi sana. Na swali langu la nne bado linaning'inia: utaitumia kwa nani?

Kijana_wa_Tabata
Bosi anataka vyote. Wapya wanaoomba pikipiki, na hawa tulionao, kujua wa kupigiwa simu wiki ijayo.

Nyuki_Mkali
Kwa hawa mlionao, kumjua dereva si wizi. Historia yake unayo kihalali. Basi ile 92% ni sahihi kwao.

MamaHesabu
Nusu. Kumjua ni halali, lakini nje ya mfuko haijui kalenda. Wiki ya 17 inapimwa na miti iliyoona wiki ya 16 na ya 18. Kazini hutakuwa na wiki inayofuata. Kwa swali hilo funza kwa wiki 48 za mwanzo, pima kwa 12 za mwisho. Natarajia itaangukia kati ya 78 na 92, ila wapi, sijui.

Kilimahewa
Mimi ningetengeneza modeli mbili. Moja ikihudumia maswali mawili, hata kipimo chake mtagombania.

Nyuki_Mkali
Mbili ni mzigo kuzitunza. Moja, yenye safu za malipo ya nyuma, kwa dereva mpya ziachwe wazi.

Fundi_Mtaa_wa_Kongo
Kwa hiyo laptopu?

Kijana_wa_Tabata
Kama kipimo kinaisha kwa dakika 11, sioni haja kwa sasa. Labda hiyo SSD, na kifaa cha kushikilia umeme ukikatika. Modeli mbili au moja, kesho nitakaa na bosi.

Mdau_wa_Feri
Mama, nimekwenda kuhesabu. Samaki ni 24. Kila mmoja nilimpima mara nne.