Kuwahi kumaliza: kusimama na kuanza, kubana, krimu au vidonge? Nisaidieni kulinganisha

Mlangowakati: Wakuu habari, nina miaka 31, na tangu naanza mambo haya sijawahi kufika dakika mbili, mara nyingi ni kama sekunde 40 hivi toka kuingia. Mke wangu hajawahi kunilaumu ila nimeanza kutafuta visingizio nisilale mapema, na hilo linaniuma. Nimesoma kuna njia ya kusimama na kuanza, ya kubana, krimu za ganzi na vidonge. Mwenye uzoefu aniambie aanzie wapi mtu kama mimi.

Nahodha_Mtulivu: Mkuu mimi nilianza na kubana. Ukihisi inakaribia unatoa, unaweka kidole gumba upande wa chini pale kichwa kinapokutana na shina, vidole viwili upande wa juu, unabana vizuri kama sekunde 10 mpaka hamu ishuke, unasubiri nusu dakika ndo unaendelea. Inafanya kazi hiyo, dawa achana nazo, ukianza huachi tena.

Mlangowakati: Nilijaribu jana. Nikabana na bado zikatoka.

Fundi_Kimya: Ulibana umechelewa. Kuna hatua ukishaivuka mwili hausikii tena, ubane usibane zinatoka, kwa hiyo kazi yote ya mazoezi haya ni kuijua dakika ya kabla ya hapo. Dalili zake: korodani zinavutwa juu, unabana pumzi bila kujua, misuli ya kule chini inakaza. Mimi kusimama na kuanza nilifanya hivi, nikaanza peke yangu kwa mkono mkavu, najipa maksi kuanzia sifuri mpaka kumi, nikifika saba naacha kabisa mpaka irudi nne au tatu, narudia mara tatu, ya nne naachia. Nikizoea naweka mafuta maana yanaongeza hisia, halafu mkono wa mke, halafu ndani yeye akiwa juu na hatuchezi, tunatulia tu. Mara tatu kwa wiki, ilinichukua kama miezi miwili. Kubana naona ni cha akiba, kinakatisha mno na mara nyingine uume unalegea. Na hapo kwenye dawa Nahodha umekosea kidogo, wapo zinawasaidia sana.

Zuhura_M: Naongea kama mke. Kubana kulikuwa kunaniudhi, kila dakika anachomoa kama kuna moto. Tulipohamia kusimama na kuanza nikawa namwambia "tulia" mimi mwenyewe, ikawa yetu wote. Krimu sasa, alipaka akaingia palepale, nikafa ganzi mimi!

Fundi_Kimya: Dada huyo aliharakisha. Ile ya lidokaini na prilokaini inapakwa kidogo kichwani, unasubiri dakika 20 mpaka 30, halafu unaosha au unavaa kondomu. Ukizidisha hata uume wenyewe unapoteza hisia na kulegea.

Baba_Pili: Mimi nilikuwa naenda vizuri miaka tisa, mwaka jana ikaanza kuwahi, sasa hivi hata kusimama haisimami vizuri. Nianze mazoezi ya kubana?

Dk_Mstaafu: Baba Pili yako siyo ya huyu kijana. Ukiona uume hausimami imara mtu huwahi kwa hofu ya kuupoteza, kwa hiyo kinachotibiwa kwanza ni kusimama, na daktari ataangalia sukari, presha, tezi ya shingo, hata tezi dume kama kuna maumivu. Mlangowakati, yako ni ya tangu mwanzo na ni fupi sana, mazoezi peke yake mara nyingi hayatoshi, ningeyaunganisha na dawa. Kuna dapoksetini, miligramu 30, inamezwa saa moja mpaka tatu kabla, siyo zaidi ya mara moja kwa siku, huleta kichefuchefu na wengine huzimia wakisimama ghafla, hivyo usichanganye na pombe. Kuna na paroksetini ya kila siku, hiyo inahitaji wiki mbili tatu ndo uone nguvu yake, na haikatizwi ghafla. Zote mbili ni za kuandikiwa baada ya kupimwa, na usizichanganye zenyewe kwa zenyewe.

Nahodha_Mtulivu: Na tramado je? Jamaa yangu anatumia na anasema inachelewesha kweli.

Dk_Mstaafu: Inachelewesha, ila mtu huwa mtumwa wake, na ukiichanganya na dapoksetini unaweza kupata degedege. Mwambie aende kwa daktari akatolewe taratibu.

Mlangowakati: Nimeelewa. Swali langu moja: nikiacha vidonge itarudi?

Dk_Mstaafu: Kwa wengi hurudi, ndiyo maana nasema mazoezi yaendelee pembeni. Kama yatabaki yenyewe baadaye, hilo linatofautiana mtu na mtu, siwezi kukuahidi.

Fundi_Kimya: Mimi nikikaa mwezi bila zoezi naona inarudi kidogo. Wiki mbili za kusimama na kuanza na ninakaa sawa tena.

Mlangowakati: Sawa, leo naanza na mkono mkavu, na miadi ya daktari nimechukua Alhamisi. Mke anakuja naye.