Tarakimu zilizokuwa maandishi: tuzigeuze papo hapo au tuache safu ya asili?

Swali: Nimenakili kiasi cha miamala kutoka PDF nikabandika kwenye Excel, B2 hadi B5: 12,500.00, 3,000.00, 150,000.00 na 900.00. SUM inatoa 0. Nikipanga kuanzia ndogo, 900 inakaa mwisho. Nimebadilisha seli kuwa Number, hakuna kitu. Nizirekebishe palepale au nifungue safu nyingine?

Mzee wa Jedwali: Palepale, mambo ya safu nyingine ni kujaza faili bure. Andika 1 kwenye seli tupu, inakili, chagua zile tarakimu, kisha Paste Special, Multiply. Kubadilisha muonekano wa seli hakugusi kilichomo ndani.

Bi Hesabu: Hilo la muonekano ni kweli, mzee. Multiply ndiyo inayonitia shaka. Seli ambazo hazikuwa na kitu inazijaza 0, na wastani unaharibika bila onyo. Halafu maandishi ya PDF mara nyingi huja na nafasi isiyokatika, herufi namba 160. Multiply ikiikuta, huiacha seli ilivyo. TRIM nayo haiiondoi. Pima hivi:

```
=LEN(B5)
=UNICODE(RIGHT(B5))
```

900.00 ina herufi 6. Ukipata 7, na fomula ya pili ikatoa 160, umempata mchawi. Fungua safu C:

```
=IF(B2="","",NUMBERVALUE(SUBSTITUTE(B2,UNICHAR(160),""),".",","))
```

Ishushe hadi C5. Jumla iwe 166,400, na ukipanga kwa C, 900 itangulie. B ibaki kama ilivyotoka, ili kosa likitokea uwe na pa kulinganishia.

Kijana wa Stoo: Kwangu namba za simu zimepoteza 0 ya mwanzo. Fomula hii itairudisha?

Bi Hesabu: Hapana, mwanangu, hilo ni kinyume chake. Simu hazijumlishwi, zinatakiwa zibaki maandishi. Weka safu kuwa Text kabla ya kubandika. Namba ya NIDA ndiyo hatari zaidi: ina tarakimu 20, Excel hushika 15 tu, na zilizobaki hugeuka 0 moja kwa moja.

Mwana Bujumbura: Kompyuta nyingi huku zina mpangilio wa Kifaransa, mkato ndio desimali. Ukibandika 1,250 inakuwa moja na robo, na ISNUMBER inasema TRUE! Hapo hata B ya Bi Hesabu si ya asili tena.

Bi Hesabu: Umenibana. Basi B nayo iwekwe Text kwanza, ndipo ubandike kwa Paste Special, Text. NUMBERVALUE imeshaambiwa nukta ni desimali na mkato ni wa maelfu, kwa hiyo haitafuata mpangilio wa kompyuta. Kwako tu, vitenganishi ndani ya fomula viwe nukta mkato.

Mzee wa Jedwali: Mistari 4 tu, jamani! Mimi nafuta nafasi kwa Ctrl+H, nazidisha, nimemaliza.

Bi Hesabu: Na seli tupu zikijaa 0, utazitambuaje, mzee?